Usianze na mistari, usianze na safu: weka raba chini kwanza

*"Nina gridi ya herufi. Maelekezo yanasema: futa kila herufi inayojirudia katika mstari wake au safu yake, kisha soma zilizobaki. Nimepanga kusafisha mistari yote kwanza kwa raba, ndio nihamie safu. Au bora nianze na safu? Halafu nielekezeni pia namna ya kutunga ya kwangu, yenye sentensi ndefu, na jinsi ya kuificha vizuri."*

Simama hapo hapo, weka raba mezani. Usianze na mistari, wala usianze na safu. Ukifuta herufi hata moja kabla hujakagua gridi nzima umeshaharibu, na ubaya wake ni kwamba hutajua, kwa sababu jibu la uongo linaweza kusomeka safi kabisa. Mimi limenikuta.

Tulikuwa watu watano kwenye mchezo wa kusaka hazina, na penseli nilishika mimi. Kituo cha tatu tukakuta karatasi yenye kanuni hiyo hiyo uliyopewa wewe, na gridi hii:

```
U K S I K R
A M A U M D
O T O T I O
U I S I U S
```

Nikaanza na mistari, kama unavyotaka kufanya. Wa kwanza una K mbili, nikazifuta. Wa pili una A mbili na M mbili, zikaenda. Wa tatu una O tatu na T mbili, zote nje. Wa nne ndio ulinifurahisha zaidi: U mbili, I mbili, S mbili, mstari mzima ukabaki mweupe. Nikapuliza vumbi la raba, na mbele yangu pakawa na hiki:

```
U . S I . R
. . . U . D
. . . . I .
. . . . . .
```

Nikashuka safu moja baada ya nyingine, sikuona herufi inayojirudia. Nikasoma kwa sauti: USIRUDI. Tulipiga kelele za ushindi! Neno limekamilika, halina herufi ya ziada, nani angelitilia shaka? Tukasonga mbele kwa haraka, na kadiri tulivyokwenda ndivyo tulivyozidi kuiacha hazina nyuma. Ilikuwa pale pale tulipoanzia. Ujumbe wa kweli ulikuwa RUDI.

Rudi sasa kwenye gridi ya mwanzo utazame safu ya kwanza tu, kutoka juu kwenda chini: U, A, O, U. Kuna U juu na U chini, kwa hiyo kanuni inaziondoa zote mbili. Lakini mimi ile ya chini nilikuwa nimeshaifuta nilipokuwa kwenye mstari wa nne, kwa kuwa mstari ule nao ulikuwa na U nyingine. Nilipofika kwenye safu, U ya juu ikaonekana iko peke yake, ikapona. Ile ya chini ndiyo iliyokuwa shahidi dhidi ya ile ya juu, nami nikamwondoa shahidi kabla kesi haijasikilizwa. Yaliyoikuta U yaliikuta S kwenye safu ya tatu, na I kwenye safu ya nne. Hizo tatu zikajipanga mbele ya RUDI zikageuza maana yote.

Na usidhani dawa ni kuanza na safu. Ukianza na safu kwa raba, utaondoa U, S na I za safu hizo tatu, juu na chini. Halafu ukifika mstari wa nne utakuta zimebaki I, U na S moja moja, hazina wenzake tena, nazo zitapona. Utasoma RUDIIUS. Huko angalau ungeshtuka, kwa sababu neno la Kiswahili haliishii na konsonanti hivyo. Mimi sikupata hata bahati ya kushtuka.

Kinachonichoma mpaka leo ni kwamba ile njia sikuibuni. Niliisoma kwenye mwongozo wa mtu aliyejiita mzoefu, akaandika kwa kujiamini kabisa: "Safisha mistari yote kwanza, gridi ikipungua safu zitakuwa rahisi." Rahisi kwa nani? Ni kweli zinakuwa rahisi, kwa sababu umeshatupa nusu ya ushahidi! Mtu hajawahi kujaribu maneno yake kwenye gridi hata moja, anawapa wenzake kama kanuni, na watu watano wanatembea mchana kutwa kuelekea kusiko. Kama hujui, nyamaza. Ningemwona leo ningemkalisha mbele ya gridi hii hii mpaka aseme mwenyewe.

Basi kanuni ni moja: herufi zote zinafutwa kwa wakati mmoja, na kila hukumu inatolewa kwa gridi ya mwanzo. Kwa mkono inafanyika hivi. Pita mistari yote, na kila herufi inayojirudia katika mstari wake uipigie kistari kidogo cha kulala chini yake, lakini iache isomeke. Kisha pita safu zote, uzihesabu herufi zote pamoja na zile zenye alama, kana kwamba alama hazipo. Inayojirudia katika safu yake ipigie kistari cha kusimama pembeni. Ukimaliza kila kitu, herufi yenye alama yoyote, moja au mbili, imetoka. Isiyo na alama inabaki. Kwenye gridi yangu ni R mstari wa kwanza, U na D wa pili, I wa tatu. Mstari wa nne hauna kitu.

Kabla hujasema umemaliza, shika kila herufi iliyobaki, uirudie kwenye gridi asili, utazame kushoto, kulia, juu na chini. Ningefanya hivyo kwa ile U ya kwanza tu ningeona pacha wake chini, na safari yote isingekuwepo. Kutazama mabaki peke yake hakusaidii, maana USIRUDI yangu haikuwa na herufi iliyojirudia popote.

Wanaoandika programu wanalijua kosa hili. Codeforces, tovuti ya mashindano ya kuandika programu, wana swali namba 90B, African Crossword, lenye kanuni hii hii, na maelezo yake yanasema wazi kwamba ufutaji ni wa pamoja. Mfano wao ni mistari mitatu: cba, bcd, cbc. Jibu ni abcd. Ufanye kwa raba ukianza na mistari utapata cabcd, na ukianza na safu utapata abcdc. Jaribu leo kwenye karatasi kabla ya kugusa gridi yako, ni herufi tisa tu.

Kuhusu sentensi ndefu, kitu kimoja tu: herufi inayobaki haiwezi kuwa na mwenzake katika mstari wala safu yake, kwa hiyo A saba za "baba yangu anakaa" zinahitaji gridi yenye mistari isiyopungua saba na safu zisizopungua saba. Sita kwa sita haiingii hata ufanyeje.

Lakini hiyo ya kutunga iache kwanza. Nitajie gridi uliyonayo, mstari kwa mstari, kabla hujafuta herufi yoyote. Na kama umeshafuta, tafuta karatasi nyingine ambayo haijaguswa, kwa sababu hiyo uliyofuta huwezi tena kuiamini.