Wakili aliyeuza ubani Mombasa

Juzi msomaji anayenilipa nimkagulie tafsiri kaniandikia: "Kaka, mkataba wangu wa Kiarabu nimeshautia kwenye programu ya kutafsiri, Kiswahili kimetoka safi kabisa. Sasa nikulipe kwa lipi?" Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Na mimi niliwahi kudanganywa na Kiswahili safi.

Shemeji yangu ana duka la manukato Darajani, Unguja. Alipata tajiri wa Maskati wa kumletea ubani, mkataba ukaja kwa Kiarabu, programu ikautafsiri. Nikaombwa niupitie. Mimi niliyekulia chuo cha Kurani nikausoma kwa Kiswahili peke yake, huku nanywa chai. Kifungu kimoja kilisema hivi:

"Wakili anaweza kuuza bidhaa nje ya Zanzibar isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya mwenye mali."

Shemeji akapeleka katoni kadhaa Mombasa. Tajiri akavunja mkataba, na haki ilikuwa yake.

Kiarabu kilianza na "la yajuz", yaani hairuhusiwi. Ile "la" ilidondoka njiani. Ishara ilikuwepo: "isipokuwa" haina kazi pale. Aliyekwisha ruhusiwa anaombea nini tena idhini? Kwa hiyo kila ukiona "isipokuwa" au "ila", rudi nyuma utafute kikanushi chake. Kwetu kinajificha, "atauza" na "hatauza" zinatofautiana kwa herufi moja tu. Mimi siku hizi huvizungushia duara "la", "lan", "ghayr" na "illa" zote za Kiarabu, halafu natafuta mwenzake wa kila moja upande wa pili.

Neno "wakili" nalo. Kwa Kiarabu al-wakil wa mkataba kama ule ni wakala, huyo shemeji mwenyewe. Kwetu wakili ni mtu wa mahakamani, na mtu angeweza kudhani vifungu vile vinamhusu mwanasheria wa tajiri! Wala usitegemee kuirudisha tafsiri kwenye Kiarabu ili uikague: "wakili" hurudi kuwa al-wakil, na kila kitu kitaonekana sawa. Neno limerudi kwao tu. Afadhali uliza, huyu ndani ya mkataba anafanya nini? Anapokea mzigo, anauza, anakata kamisheni. Basi ni wakala.

Cha tatu nilikigundua nimeshachelewa. Kiarabu kilitaka wakala alipe bei ndani ya siku 30 tangu apokee mzigo. Kiswahili kikasema atapokea mzigo ndani ya siku 30 tangu alipe. Maneno yote yapo, wajibu umegeuka, na deni la siku 30 limekuwa malipo ya kabla. Ukaguzi wa namba usingelinasa hilo, 30 ni 30. Andika pembeni, kwa kila lugha: nani, afanye nini, amfanyie nani, siku zianze kuhesabiwa lini. Majibu yakipishana, simama hapo hapo.

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo kazi unayonilipa. Shemeji bado ananikaribisha dukani, ila karatasi zake za Kiarabu siku hizi anampelekea mtu mwingine.