"Nitakuja Inshallah" Mara Nyingi Maana Yake Ni Hapana

Huu ni mwaka wa nne naratibu kikundi cha kupanda mikoko hapa Tanga. Hakuna anayelipwa. Mwanzoni nilikuwa naandika kwenye kundi la WhatsApp, "Jumamosi nani yupo?", napata vidole gumba 23, halafu ufukweni nawakuta watu 8 na viroba vya mbegu vinatungoja.

Siku moja hasira zilinipanda nikaorodhesha kundini majina ya wote waliokosa. Jioni wanne walishajitoa. Mmoja wao alikuwa hospitalini na mtoto, na ndiye aliyekuwa haachi kuja. Sijarudia tena.

Kosa la kwanza, kumbe, lilikuwa kwenye ratiba yangu mwenyewe. Tulipanga kila Jumamosi saa 3 asubuhi. Lakini maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Yakikupwa Jumamosi hii saa 4 asubuhi, Jumamosi ijayo yatakupwa karibu saa 10 jioni, na asubuhi ile utakuta bahari imejaa. Nilikuwa nawaita watu waje kutazama maji! Mtu aliyeacha kibarua chake akakaa bure chini ya mti hakwambii kwamba amechukia. Haji tena, basi. Sasa tunapanda Jumamosi za bamvu tu, siku maji yanapojaa na kukupwa kuliko kawaida, mara mbili kwa mwezi, na tarehe za miezi mitatu nazitoa mapema kutoka kwenye jedwali la maji. Watu waliongezeka kabla sijamsema yeyote.

Bado wapo waliokubali na wasionekane. Hapo nilichelewa kuelewa jambo ambalo mama yangu angenieleza kwa dakika moja: kwetu kumkatalia mtu usoni ni kukosa adabu. "Inshallah", "tutaona", "tuko pamoja" mara nyingi ni hapana iliyovishwa kanga. Mtu hajasema uongo, mimi ndiye sikumwachia mlango wa kutokea. Siku hizi siulizi kundini. Jumanne namwandikia kila mmoja peke yake: "Shikamoo mama. Jumamosi nakuomba unisaidie kugawa mbegu, saa 3 hadi saa 5 na nusu. Ikiwa una udhuru niambie kabla ya Alhamisi magharibi nitafute mwingine, wala usijali." Ana kazi yake, anajua saa ya kuondoka, na kukataa kumerahisishwa. Mara ya kwanza karibu nusu waliniambia hawawezi. Nilifurahi, kwa kuwa niliagiza mbegu zinazotosha waliobaki, hazikuozea kwenye viroba.

Nina daftari lenye alama tatu tu: alikuja, aliaga, alinyamaza. Aliyeaga simhesabii kosa hata akiaga mara tano. Aliyenyamaza mara moja namjulia hali, huenda ana mgonjwa. Akinyamaza mara ya pili mfululizo namfuata alipo, si kwa simu.

Ndivyo nilivyofika kijiweni kwa kijana mmoja wa bodaboda. Sikuanza na Jumamosi. Tuliongea bei ya mafuta, tukaongea mpira, mwishowe akasema mwenyewe: "Kaka, Jumamosi asubuhi ndiyo ya abiria wa sokoni. Nikija huko hesabu ya bosi sifikishi." Alikuwa akiona haya kutaja hela mbele ya watu wanaojitolea. Tukakubaliana awe anabeba viroba Ijumaa jioni. Kikundi kinamwekea mafuta, na fedha hiyo nimeiandika wazi kwenye daftari la matumizi, maana posho ya kichinichini kwa mtu mmoja ikijulikana, wengine watajiuliza wao ni wajinga wa nani. Tangu hapo hajakosa Ijumaa.

Si wote wanaokwenda hivyo. Mwingine, mcheshi na kipenzi cha wote, alikaa na ufunguo wa stoo ya mabuti na akatufungia nje mara tatu. Nilimwendea, akaahidi, akatufungia ya nne. Nikamwambia faraghani kwamba nauchukua ufunguo, na kwamba kundini atabaki, na siku akitaka kupanda aje tu. Alininunia miezi miwili. Sasa kila kazi ambayo mtu mmoja akikosa inatukwamisha sote ina watu wawili, na funguo ni mbili.

Wanaokuja nao nawatunza. Tunaanza kwa wakati hata tukiwa watano, kwa sababu kuwasubiri wachelewaji ni kuwaadhibu waliowahi. Chai na mihogo ipo saa 5 na nusu, na baada ya hapo simzuii mtu. Kila baada ya miezi mitatu narudi nao kwenye eneo walilopanda, tunahesabu iliyoshika na iliyokufa. Safari iliyopita mama mmoja alikuta mstari wake wote umesombwa na mawimbi. Alisimama kimya kidogo, akapandisha kanga magotini, akauliza bamvu lijalo ni tarehe ngapi.