Laiabiliti na indemniti kwenye mkataba wa lori

"Natafsiri mkataba wa usafirishaji, Kampala hadi Goma. Laiabiliti na indemniti nimeziandika zote 'fidia', mwanasheria amekataa. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, laiabiliti iite dhima: wajibu wa kisheria wa kubeba matokeo. Fidia ni malipo yanayofuata baada ya dhima kuthibitika.

Kazi iko kwenye indemniti. Tuseme gari limemgonga mtu Mbarara, naye akamdai mwenye mzigo. Ukiandika "msafirishaji atalipa fidia", msomaji ataelewa kwamba aliyegongwa ndiye atakayelipwa. Kumbe ahadi ni kwa mwenye mzigo: asibaki na hasara kwa madai ya mtu wa tatu. Usiandike "dhamana" pia. Mdhamini hulipa deni la mwingine aliyeshindwa, na Sheria ya Mikataba ya Uganda ya 2010 inatenganisha dhamana na indemniti.

Mimi huandika: "Msafirishaji atamkinga mwenye mzigo na kumrudishia hasara na gharama zote zitokanazo na madai ya mtu wa tatu." Neno moja limekuwa sentensi, na ni sawa. Liite "ahadi ya kinga" kwenye kifungu cha tafsiri ya maneno, kisha mpe sentensi hiyo mwenzako ambaye hajasoma mkataba wa asili airudishe kwa Kiingereza. Akikosea nani anamlipa nani, andika upya.