Maswali na majibu: Kichwa cha barua pepe ya ofisini kwa Kifaransa

Kila barua pepe ninayomtumia mkuu wangu hapa Goma ninaiandikia «Urgent», lakini hafungui. Kosa liko wapi?

Neno hilo linaeleza haraka uliyo nayo wewe, ilhali mkuu anataka kujua yeye atakiwa kufanya nini. Tuseme unahitaji sahihi yake ili jenereta inunuliwe, nawe umeandika «URGENT suite à notre réunion». Kama siku hiyo alikuwa na mikutano minne, hawezi kujua ni upi unaousemea. Tanguliza tendo, kisha tarehe, kisha kitu chenyewe:

«Pour signature, 14 mars : bon de commande, groupe électrogène»

Mpangilio huo una sababu yake, kwani skrini ya simu hukata mwisho wa kichwa kirefu, na kinachokatwa kisiwe kile kitakachomfanya afungue. Kama huhitaji jibu lolote, andika «Pour information», ili siku utakapoandika «Pour signature» neno hilo liwe na uzito.

Niliandika «avant le 14 mars», wenzangu wakaleta ripoti tarehe 14 yenyewe. Nani amekosea?

Kwa maana yake halisi, «avant le 14» huiacha nje tarehe 14, lakini wasomaji wengi huihesabu ndani, kwa hiyo siwalaumu sana. Andika «au plus tard le 14 mars», ambayo huijumuisha siku hiyo bila ubishi.

Nimeweka kanuni ya kupeleka barua za usafirishaji kwenye folda yake, lakini nusu yake zinabaki kwenye kikasha. Kwa nini?

Kanuni hutafuta herufi zilizoandikwa na haielewi visawe. Ukiiamuru itafute «Marché transport», barua yenye kichwa «Contrat camions» itaipita, hata kama mkataba ni uleule. Kubalianeni jina moja kwa kila jalada, nanyi mlitumie bila kulibadilisha hadi jalada lifungwe.

Sababu ya pili ni uvivu wetu sote wa kubonyeza kitufe cha kujibu: ankara ya mafuta husafiri chini ya «RE: Réunion du 5 mai», na mhasibu anayeitafuta mwezi Agosti haioni. Jambo likibadilika, anza barua mpya, au badili kichwa kiwe «Facture carburant mai (était : Réunion du 5 mai)». Jua tu kwamba kwenye Gmail kubadili kichwa huanzisha mazungumzo mapya.

Je, ni lazima niweke alama juu ya herufi nikitumia herufi kubwa?

Weka. «AGENT INTERNE A LUBUMBASHI» inaweza kumhusu mfanyakazi wa ndani ya shirika, au mfanyakazi aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, yaani «interné». Afadhali utumie herufi ndogo, ukianza tu na kubwa.