Kutoa kijani kwenye klipu iliyokwisha kushutiwa: nywele, bega na skafu ya njano

SWALI: Mkuu habari, nimeletewa klipu ya dakika 12, mtu amekaa anaongea mbele ya kitambaa cha kijani, kurudia kushuti haiwezekani. Natumia Premiere Pro. Nikiweka Ultra Key kijani inatoka ila pembeni ya nywele unabaki mstari wa kijani, nikivuta slaida zaidi nywele zinaliwa na bega linatoboka. Halafu kavaa skafu ya njano, imegeuka rangi ya chungwa. Nataka niweke picha ya ofisi nyuma yake, nifanyeje?

JIBU: Salama mkuu. Hizo shida zako zote, nywele, bega na skafu, zinatokana na kitu kimoja, unailazimisha Ultra Key moja ifanye kazi mbili zinazopingana. Nywele zinataka key laini, yenye huruma, na mwili unataka key ngumu isiyoacha tundu hata moja. Slaida ukiivuta kusaidia huku unaharibu kule, na ukikaa nayo usiku kucha haitakaa sawa. Dawa ni kutenganisha, nywele na kingo zote zishughulikiwe na leya moja, katikati ya mwili ishughulikiwe na leya nyingine ambayo haina key kabisa.

Ila kabla hujagusa chochote, mwulize aliyekuletea kama hilo ndo faili lenyewe lililotoka kwenye kamera au limepitia kwenye app ya kuchati. Nasisitiza hapa sababu video nyingi za kawaida zinahifadhi rangi kwa mfumo wa 4:2:0, maana yake picha ya 1920x1080 mwanga wake uko kamili lakini rangi yake ina vipimo vya 960x540 tu, yaani pikseli 4 zinagawana rangi moja. Sasa wewe unakata kwa kutumia rangi, kwa hiyo ukingo wako tayari una ngazi ngazi tangu mwanzo, na video ikibanwa mara ya pili ili itumwe kwenye simu, pembeni ya nywele panakuwa vibox vibox ambavyo hakuna slaida itakayovirudisha. Mimi nimewahi kuhangaika na klipu siku nzima nikidhani nimekosea mipangilio, kuja kuletewa faili la kamera, mipangilio ile ile ikatoka safi ndani ya dakika chache.

Haya, tupange taimulaini. Picha ya ofisi V1, klipu yako V2. Kwenye V2 fungua Effect Controls, nenda Opacity, chukua peni chora maski kumzunguka mtu kwa mbali, uache nafasi ya mikono kwenda na kurudi. Hiyo inaondoa pembe za kitambaa, mikunjo na stendi za taa, vitu ambavyo havina sababu ya kuisumbua Ultra Key. Kijani kilichobaki karibu na mtu mara nyingi kinafanana zaidi, na hapo ndo kazi inakuwa rahisi.

Weka Ultra Key kwenye V2, kwenye Key Color chukua kijani cha karibu na kichwa, usiende kuchukua pembeni ya fremu kwenye kivuli, maana sehemu ngumu ni nywele na kijani kinachotakiwa kutoka vizuri ni kile kilicho nyuma ya nywele. Halafu Output ibadilishe kutoka Composite iwe Alpha Channel. Utaona picha nyeusi na nyeupe, nyeupe ni kinachobaki, nyeusi ni kinachotoka, kijivu ni nusu nusu. Fanya kazi yote ya kukata ukiwa kwenye hiyo picha, kwenye Composite macho yanadanganywa na bakgraundi.

Hapa angalia vitu viwili tu. Eneo la nje liwe jeusi tii. Nywele ziwe na kijivu, na hapo ndo wengi wanakosea, wanaona kijivu wanadhani ni uchafu wanaanza kukifuta. Unywele mmoja ni mwembamba kuliko pikseli, kwa hiyo pikseli hiyo ni nusu nywele nusu kitambaa kweli, na mkono unaopita haraka ukiwa na ukungu ni vile vile. Ukifuta kijivu umekata nywele kwa mkasi na kichwa kinaonekana kama kofia iliyobandikwa. Nje kukiwa na vumbi vumbi jeupe linalochezacheza, ongeza Pedestal kidogo kidogo kutoka 10 iliyopo mpaka litulie, simama hapo hapo. Choke na Contrast usizishike mapema, ndo zilizokula nywele zako. Na bega likionekana na madoa ya kijivu kwa sasa liache, halituhusu kwenye leya hii.

Sasa leya ya pili. Nakili V2 ipandishe V3, fremu zilingane kabisa, futa Ultra Key kwenye hiyo nakala, futa na ile maski ya nje. Chora maski mpya ya Opacity ndani ya mwili, yaani uso, shingo, kifua, mabega, lakini uingie ndani mbali na ukingo, usiguse nywele wala mstari wa bega, halafu Mask Feather ipandishe mpaka muungano usionekane, kwa 1080 mimi huanza na pikseli 30 hivi kisha naangalia. Kwa kuwa hii ni picha halisi isiyokatwa, matundu yote ya bega yanazibwa papo hapo, huku kingo na nywele zikitoka kwenye V2 iliyo chini yake.

Maski hii usiitraki dakika 12, utachoka bure. Mtu aliyekaa kuna eneo la mwili wake ambalo halitoki mahali pake muda wote, chora hilo tu, hata likiwa dogo. Ukimaliza pitisha klipu nzima haraka ukitafuta sehemu anapoinama au kugeuka sana, ukiona kipande cha kijani kimechungulia ubavuni basi hapo katoka nje ya maski, kata klipu ya V3 sehemu hiyo fupi na usogeze maski ya kipande hicho peke yake.

Skafu sasa, na hii nataka uielewe vizuri maana ukijua sababu hutahangaika tena na nguo za rangi hiyo. Kitambaa cha kijani kinarudisha mwanga wa kijani kwenye mabega na nywele, kwa hiyo programu ya kukata inafanya na kazi ya pili, inapunguza kijani kilichomwagikia mtu. Njia ya kawaida ya kufanya hivyo ni hesabu ndogo kwenye kila pikseli:

```
G = min(G, (R + B) / 2)
```

Yaani kijani kisizidi wastani wa nyekundu na bluu. Chukua pikseli ya shati jeupe begani iliyopata mwanga wa kitambaa, R 190, G 215, B 186. Wastani wa R na B ni 188, G inashuka kutoka 215 mpaka 188, shati linarudi kuwa jeupe, safi kabisa. Sasa chukua pikseli ya skafu, R 200, G 190, B 40. Wastani ni 120, G inaporomoka kutoka 190 mpaka 120, na R 200 G 120 B 40 ni rangi ya chungwa. Skafu haikumwagikiwa na chochote, njano yenyewe imetengenezwa na nyekundu na kijani, hesabu haiwezi kujua kijani kipi ni cha nguo na kipi ni cha kitambaa. Siwezi kukuambia Ultra Key inatumia hesabu hiyo herufi kwa herufi, ila tabia yake kwenye njano ni hiyo hiyo.

Dawa tayari unayo, ni V3. Panua maski ya ndani ichukue na skafu, au chora ya pili ya skafu peke yake, njano halisi itarudi. Utabaki na uzi mwembamba wa chungwa ukingoni mwa skafu unaotoka V2, hapo rudi kwenye Ultra Key, fungua Spill Suppression, shusha Spill kidogo kidogo huku unaangalia skafu na nywele kwa pamoja, usimame pale ambapo nywele bado hazijarudisha kijani. Na kama bega kwenye V3 lina kivuli cha kijani ambacho V2 imeshakisafisha, utaona bega lina rangi mbili, weka Lumetri Color kwenye V3 na kwenye Hue vs Sat shusha kijani peke yake, vitone vya kando uviweke karibu karibu ili njano isiguswe maana zimepakana.

Mstari wa kijani wa nywele ulioulizia, kwa hatua hizi mara nyingi unakwisha wenyewe kwa kuwa sasa key yako ni laini na Spill inafanya kazi yake kwa utulivu. Ukibaki, hapo ndo unaruhusiwa Choke, kwa kiasi kidogo sana, na Soften kidogo. Kabla ya kurudisha ofisi weka Color Matte nyekundu kwenye V1 uicheze video, usiisimamishe, kwa sababu kwenye nyekundu kila tone la kijani linapiga kelele, na kingo zinazochemka zinaonekana video ikiwa inakwenda tu, kwenye fremu iliyosimama zimetulia utadhani kazi imeisha.

Ofisi yenyewe usiiweke kali kama ilivyo. Mtu ndo aliyefokasiwa, nyuma yake panatakiwa pawe laini, kwa hiyo Gaussian Blur kwenye V1 na weka tiki Repeat Edge Pixels la sivyo kando za fremu zitapata weusi. Angalia mwanga unampiga usoni kutoka upande gani, kama dirisha la kwenye picha liko upande mwingine igeuze kwa Horizontal Flip, ila hakikisha haina maandishi. Weusi wa nywele zake na weusi wa ofisi ulinganishe kwenye Lumetri Scopes, ofisi ikiwa na weusi mzito kuliko yeye ataonekana kabandikwa hata kama umekata vizuri namna gani.

Ukitaka kumsogeza au kumpunguza ukubwa, chagua V2 na V3 pamoja, bofya kulia, Nest, ndo uzisogeze kama kitu kimoja. Na kama huyo mtu utamtumia tena na bakgraundi nyingine, zima V1 uekspoti QuickTime ya ProRes 4444 pamoja na alfa, mp4 ya H.264 uliyozoea haibebi uwazi, utakuta nyuma yake pamejaa weusi.

Ukikwama niletee fremu moja ya Alpha Channel, siyo Composite, nitaona tatizo liko wapi.