Mkopo wa kiwanda cha alizeti: mradi unalipa, au kodi ndiyo inayolipa?

Shikamoo mwalimu. Nataka kufungua kiwanda cha kukamua alizeti hapa Singida kwa milioni 600, nusu fedha yangu na nusu mkopo wa benki wa miaka mitano kwa riba ya 14%. Mhasibu wangu anasema nisitumie kiwango kimoja cha punguzo, yaani asilimia ya kugeuza fedha za baadaye kuwa thamani ya leo, kwa kila kitu, nitenganishe mradi na mkopo. Kwa nini, na nafanyaje? (Singida)

Marahaba. Mhasibu wako yuko sahihi, na sababu iko kwenye ratiba ya marejesho. Ukitumia wastani wa gharama ya mtaji, yaani kiwango kimoja kinachochanganya gharama ya fedha yako na ya mkopo, unachukulia kwamba uwiano wa deni na thamani ya mradi unabaki pale pale mwaka hadi mwaka. Wako haubaki. Unaanza na deni la milioni 300, unapunguza 60 kila mwaka, na mwaka wa sita hudaiwi kitu. Kwa kuwa kiasi cha deni unakijua tangu leo, ni rahisi kuhesabu thamani ya sasa iliyorekebishwa, njia aliyoipendekeza Stewart Myers mwaka 1974: thamini mradi kana kwamba hukukopa hata shilingi, kisha ongeza na utoe yale yanayoletwa na mkopo wenyewe.

Tuanze na mradi mtupu. Tuseme baada ya gharama zote na kodi, kiwanda kinakuachia milioni 160 kila mwaka kwa miaka sita, na mwenye mtaji asiye na deni angetaka 16% kwa hatari ya biashara hii. Thamani ya sasa ya fedha hizo ni milioni 589.6. Toa 600 za kuanzia, unabaki na hasi 10.4. Kwa maneno mengine, alizeti peke yake haikulipi.

Sasa mkopo. Riba ni 42 mwaka wa kwanza, halafu 33.6, 25.2, 16.8 na 8.4. Riba hupunguza faida inayotozwa kodi, na kampuni hapa Tanzania inatozwa 30%, kwa hiyo kila shilingi 100 ya riba inakupunguzia kodi shilingi 30. Nafuu hiyo ni milioni 12.6, 10.08, 7.56, 5.04 na 2.52. Ukiipunguza kwa 14%, thamani yake leo ni milioni 28.2. Gharama za kupata mkopo, yaani ada ya benki, mthamini na usajili wa rehani, tuziweke milioni 9 zikiwa zimeshakatwa nafuu yake ya kodi.

Hasi 10.4, jumlisha 28.2, toa 9: unapata chanya milioni 8.8. Sasa unaona kinachoubeba mradi wako.

Kwa nini nafuu ya kodi ipunguzwe kwa 14% na si 16% kama mapato ya kiwanda? (Dodoma)

Kwa sababu hatari yake inafanana na ya riba yenyewe. Ratiba ya deni imeshapangwa. Ukilipa riba, nafuu inakuja nayo, na ukishindwa kulipa, vyote viwili vinayumba. Bei ya alizeti ikishuka kidogo, riba ya mwaka wa tatu haibadiliki.

Ila kama benki inakuongezea au kukupunguzia mkopo kulingana na mauzo, deni lenyewe linafuata bahati ya kiwanda, na hapo 16% ina hoja. Kwa mradi huu ugomvi huo hauna uzito: kwa 16% nafuu inakuwa milioni 27.2, tofauti ya milioni moja tu. Mkopo wa miaka ishirini ungekuwa habari nyingine.

Nimeweka kwenye jedwali la kompyuta, nikatoa riba kwenye mapato ya kila mwaka, kisha nikaongeza nafuu ya kodi mwishoni. Mradi umezama kabisa. Nimekosea wapi? (Arusha)

Umeihesabu riba kama gharama ya mradi, wakati kiwango cha punguzo kimeshadai malipo ya mtaji. Mapato ya mradi mtupu hayaguswi na riba, wala na marejesho ya deni. Hata kodi yake inahesabiwa kana kwamba riba haipo. Jaribio ni jepesi: badilisha kiasi cha mkopo kiwe sifuri. Mstari wowote wa mapato ya mradi ukisogea, mkopo umeshapenyeza mahali pasipo pake.

Angalia pia fomula. Hii inachukulia kwamba seli ya kwanza ni mwisho wa mwaka wa kwanza:

```
=NPV(16%,B2:G2)
```

Kwa hiyo zile milioni 600 za leo zitolewe nje ya mabano. Ukiziingiza ndani kama seli ya kwanza, kila kiasi kinapunguzwa mwaka mmoja wa ziada bila sababu, na hasi 10.4 inaonekana kuwa hasi 9.

Kiwanda chetu hakitakuwa na faida ya kutozwa kodi miaka miwili ya mwanzo kwa sababu ya punguzo la kodi la mitambo. Nafuu ya riba inapotea? (Morogoro)

Haipotei, inachelewa, maana hasara inabebwa kwenda mbele. Kwa mfano wetu, tuseme yale mapato ya 160 yameshazingatia hali hiyo, na nafuu ya miaka miwili yote inatumika mwaka wa tatu. Mwaka huo utakuwa na milioni 30.24, na thamani ya nafuu yote leo inashuka kutoka 28.2 hadi 24.7. Mradi unabaki na milioni 5.3. Ikiwa mwaka wa tatu nao faida ni ndogo, sogeza tena.

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya: wanazidisha riba kwa 30% kila mwaka bila kuuliza kama kuna kodi ya kupunguzwa. Na kampuni ambayo robo au zaidi ya umiliki wake iko mikononi mwa wasio wakazi iangalie kikomo cha deni kwa mtaji cha 7 kwa 3, kwa sababu riba ya deni linalozidi hapo haikubaliwi.

Benki imekubali kwa sababu niliweka rehani nyumba zangu za kupangisha. Nafuu ya kodi bado ni ya kiwanda? (Mwanza)

Swali zuri kuliko yote ya wiki hii. Kama kiwanda kisingepewa mkopo huo kwa nguvu zake, aliyekopesheka ni nyumba. Zingeweza kubeba deni hilohilo kwa biashara nyingine yenye faida ya kutozwa kodi, na nafuu ungeipata bila kukamua hata mbegu moja. Mimi ningekihesabia kiwanda deni ambalo mitambo na mauzo yake vingebeba vyenyewe. Ikiwa ni milioni 100 kwa ratiba ileile, nafuu yake ni theluthi, milioni 9.4. Hata kama gharama za mkopo zingeshuka hadi milioni 3, unarudi kwenye hasi 4, na mradi usichukuliwe.

Kuna mfuko unanipa milioni hizo 300 kwa 9% badala ya 14%. Naingizaje unafuu huo? (Singida)

Uweke mstari wake peke yake. Chukua marejesho yote ya mkopo wa 9%, yaani 87, 81.6, 76.2, 70.8 na 65.4, uyapunguze kwa 14%, riba ambayo soko lingekutoza. Yanakuwa milioni 266.4. Umepokea 300, kwa hiyo zawadi ni 33.6. Riba ikiwa ndogo, nafuu ya kodi nayo inapungua hadi 18.1, usiiache ile ya 28.2 kwenye jedwali. Gharama zikibaki 9, jumla ni chanya milioni 32.3, na alizeti yenyewe bado ni hasi 10.4.