Kamba moja, wanafunzi 80: mtaala wa umahiri katika shule isiyo na vifaa

Ukishapangiwa shule na kukabidhiwa muhtasari wa somo lako, anza kuusoma kwenye safu ya vigezo vya upimaji. Walimu wengi wanaoanza kazi hukimbilia safu ya shughuli za wanafunzi, wakaona maneno kama majadiliano, bungua bongo, ziara na majaribio, kisha wakatazama darasa lenye watoto 80 na vitabu visivyotosha, wakakata tamaa kabla ya kipindi cha kwanza. Shughuli zinaweza kubadilishwa. Kisichobadilika ni kile ambacho mtoto anatakiwa aweze kukifanya mwishoni, na hicho kiko kwenye vigezo.

Nitatumia mada moja ya hisabati, mzingo na eneo la mstatili, kwa sababu tofauti ya mtaala wa zamani wa maudhui na huu wa umahiri inaonekana humo waziwazi. Katika muhtasari wa maudhui, mada hii ilikuwa kanuni mbili. Mzingo ni 2 × (urefu + upana). Eneo ni urefu × upana. Mwalimu anaandika ubaoni, anatoa mifano mitatu, watoto wanafanya zoezi la maswali kumi, mada imekwisha. Katika mtaala wa umahiri, maudhui ni yaleyale, kanuni ni zilezile, ila mtoto anatakiwa azitumie kuamua jambo. Umpe urefu wa uzio, akuambie bustani ipi ni kubwa na kwa nini.

Watoto wengi wanaopata kumi kwa kumi kwenye zoezi la kanuni hushindwa swali hilo la bustani. Wanaamini kwamba mistatili yenye mzingo sawa lazima iwe na eneo sawa. Zoezi la kanuni haliwezi kukufichulia imani hiyo, kwa kuwa namba zote mbili, urefu na upana, mtoto amepewa mkononi.

Sasa tuingie darasani. Unahitaji kamba isiyovutika. Kamba za nailoni nyembamba huvutika na kuharibu vipimo, kwa hiyo tafuta ya katani au ya pamba. Kata vipande vya sentimita 130, weka alama ya wino kila sentimita 10 hadi ufike 120, kisha funga ncha kwa ile sentimita 10 iliyobaki ili upate kitanzi cha sentimita 120 kamili. Usiweke mafundo badala ya alama. Kila fundo hula kipande cha kamba na mwisho wake vitanzi vya darasa zima havilingani.

Madawati ya watu watatu hayahitaji kusogezwa. Wa dawati la mbele wanawageukia wa nyuma, unapata kikundi cha watu sita. Kwa watoto 80 hivyo ni vikundi 14, na kamba ni mita 18 na ushee. Kikundi kikizidi hapo, wawili wanafanya kazi na wengine wanatazama.

Kabla hawajagusa kamba, kila mtoto aandike kwenye daftari lake jibu la swali hili: ukikunja kitanzi hiki kiwe mstatili mwembamba, kisha ukikunje kiwe mraba, eneo litakuwa sawa au litatofautiana? Dakika 2, kimya, bila kuulizana. Usiiruke hatua hii hata kama muda unabana. Mtoto ambaye hajajifunga kwa maandishi atakapoona matokeo atasema alijua tangu mwanzo, na wewe hutajua nani amebadilisha fikra.

Kisha watoke nje au watumie sakafu. Kwa chaki, kila kikundi kichore mistatili mitatu kikitumia kitanzi hichohicho: 10 kwa 50, 20 kwa 40, na 30 kwa 30. Ndani ya kila mstatili wagawe miraba ya sentimita 10 kwa 10 na waihesabu. Watapata miraba 5, 8 na 9. Kamba ni moja, haikuongezwa wala kupunguzwa, lakini nafasi iliyozungushwa ni tofauti. Waache wabishane kidogo, wahesabu tena. Baada ya hapo ndipo unawarudisha kwenye viti na kuwaeleza.

Na hapa nisisitize: eleza. Chuoni huenda uliambiwa kwamba mwalimu wa umahiri haelezi, anawezesha tu. Katika shule ambayo watoto watano wanagawana kitabu kimoja, maelezo yako ya mdomo na ubao ulioandikwa vizuri ndicho kitabu chao. Ukiwanyima hivyo kwa jina la ushirikishwaji, wanaoumia ni wale ambao nyumbani hawana wa kuwasaidia. Kinachobadilika ni mpangilio tu. Zamani maelezo yalitangulia na kazi ikafuata. Sasa wanafanya kwanza, wanakutana na tatizo, ndipo kanuni inaingia ikiwa na kazi ya kufanya. Andika muhtasari mfupi ubaoni, wanakili. Mtoto asiye na kitabu anahitaji kitu cha kurudia nyumbani.

Tukija kwenye upimaji, hapa ndipo mabadiliko mengi yanapofia. Mtaala unataka umtazame kila mtoto akitenda na uweke rekodi. Piga hesabu. Dakika 2 kwa mtoto, watoto 80, ni dakika 160, yaani vipindi vinne vya dakika 40 kwa umahiri mmoja wa somo moja. Haiwezekani. Mwalimu anayelazimishwa kufanya lisilowezekana hujaza fomu akiwa nyumbani, kila mtoto anapewa "anaridhisha", na rekodi inakuwa karatasi isiyosema lolote. Ukikuta faili ambalo watoto wote wana alama moja katika kila umahiri, jua upimaji haukufanyika.

Ninachokishauri ni njia mbili kwa pamoja. Kwa macho, tazama watoto 8 tu kila kipindi, uliokwisha kuwaandika majina kabla ya kuingia, na baada ya vipindi 10 umelipitia darasa zima. Usichague papo hapo, maana jicho litaenda kwa wanaonyosha mikono. Kwa maandishi, pima wote kwa swali moja kwenye kipande cha karatasi mwishoni mwa mada.

Swali la mada yetu linaweza kuwa hili: "Mtu ana uzio wa mita 40. Chora bustani mbili tofauti za mstatili anazoweza kuzungushia uzio wote, andika eneo la kila moja, na useme ipi ni kubwa." Karatasi 80 zinatisha, lakini husahihishi kwa kutoa maksi. Unazigawa mafungu.

Fungu la kwanza ni la walioandika, kwa mfano, 15 kwa 5 na 10 kwa 10, wakapata mita za mraba 75 na 100, wakachagua ya pili. Hawa wameweza. Fungu la pili ni la walioandika 30 kwa 10, au 25 kwa 15. Hawa wamejumlisha pande mbili tu zikafika 40, wamesahau kwamba mstatili una pande nne. Uzio wao ungehitaji mita 80. Fungu la tatu wameandika 4 kwa 10, au 8 kwa 5. Hawa wametafuta namba zinazozidishwa zikaleta 40, yaani wanachanganya mzingo na eneo. Fungu la nne ni karatasi tupu na zisizoeleweka.

Fungu la pili linahitaji dakika 5 za kutembeza kidole kuzunguka mchoro huku wakihesabu kila upande kwa sauti. Fungu la tatu wanahitaji kurudi kwenye kamba na miraba, hakuna njia ya mkato. Fungu la nne wakae nawe, kwa kuwa mara nyingi tatizo lao si eneo, ni kusoma swali. Ungewapa wote sifuri, usingejua lolote kati ya haya. Mafungu hayo manne, na majina yake, ndiyo rekodi yako. Mkaguzi akiuliza ushahidi, mwonyeshe karatasi zenyewe.

Usidhani ugumu huu ni wa shule yako peke yake. Afrika Kusini ilianza kuingiza mtaala wake mpya, ulioitwa Curriculum 2005, mashuleni mwaka 1998. Ulijengwa juu ya matokeo ambayo mwanafunzi anapaswa kuyaonyesha. Mwaka 2000 kamati iliyoongozwa na Linda Chisholm iliupitia na kukuta lugha yake ni ngumu, mafunzo ya walimu hayatoshi, vifaa ni haba na muda wa utekelezaji ulibanwa mno. Ukapunguzwa na kuandikwa upya. Shule zilizokuwa na vitabu na madarasa madogo ziliumudu vizuri zaidi kuliko zile maskini ambazo mabadiliko yalikusudiwa kuzinyanyua. Nalitaja hili kwa sababu mwalimu mgeni huwa mwepesi kujilaumu kwa uzembe pale ambapo tatizo ni mzigo aliotwishwa. Lipeleke suala hilo kwa mkuu wako wa shule likiwa na hesabu, kama ile ya dakika 160, si likiwa malalamiko.

Kuhusu zana, tahadhari na agizo la kila wiki la "leteni vifaa kutoka nyumbani". Wazazi wasio na kitu watalipa gharama ya mtaala, na mtoto aliyekosa atakaa pembeni. Chagua vifaa vichache vinavyorudiwa. Kamba hizo 14 zitakufaa tena kwenye vipimo vya urefu, kwenye mduara, hata kwenye kipimio cha ramani katika jiografia. Zihesabu kila mwisho wa kipindi na uzitunze wewe.

Mwisho kuna mtihani. Kama mtihani wa taifa bado unauliza kanuni, wanafunzi na wazazi watadai kanuni, na wana haki, kwa sababu cheti ndicho kinachofungua mlango wa hatua inayofuata. Usishindane nao. Katika jaribio lako la mwezi lenye maswali 10, acha 7 yafanane na mtihani na 3 yawe ya hali halisi kama lile la uzio. Kisha linganisha majibu ya makundi hayo mawili kwa mtoto mmojammoja. Anayepata yote 7 na kukosa yote 3 amekariri, na utamkuta kwenye fungu la pili au la tatu. Anayepata 3 na kukosa mengi ya 7 anaelewa, ila hajui kuzidisha haraka au haandiki hatua zake, na huyo anahitaji mazoezi ya kawaida ya kila siku, yaleyale ya muhtasari wa zamani.